Mmerekodi kikao, mmesema “sawa”: mmekubaliana nini hasa?

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na mpya huanza siku inayofuata. Wiki hizo ndipo wafanyakazi wengi huitwa mmoja mmoja na wasimamizi wao kwa tathmini ya utendakazi. Huitwa muuguzi wa Port Reitz, mwalimu wa chekechea wa Mtopanga, karani wa wadi kule Mtongwe, na pia walioajiriwa na kampuni binafsi katika yadi, viwanda na hoteli ambako tathmini hufuata kalenda ya mwajiri. Siku hizi, badala ya msimamizi kuandika huku akisikiliza, simu huwekwa mezani na mazungumzo yakarekodiwa.

Simu hushika kila neno lililotamkwa, lakini haijui lipi lilikuwa ahadi na lipi lilikuwa adabu tu. Miezi mitatu baadaye msimamizi husema, “Tulikubaliana upunguze makosa,” na mfanyakazi hujibu, “Mimi nilisema nitajaribu nikitengenezewa taa.” Wote wawili wanasema kweli, na rekodi itawaunga mkono wote wawili. Mkataba wa mfanyakazi ukiwa karibu kwisha, au barua ya onyo ikiwa inaandikwa, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mtu atabaki kazini.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitoa karatasi moja katika rekodi ile: karatasi yenye malengo yaliyokubaliwa na malalamiko yaliyotajwa, ambayo kila upande unaweza kuisoma na kusema “ndivyo” au “sivyo”.

Kabla simu haijawashwa

Kurekodi kwa siri hakufai, awe anayerekodi ni bosi au ni mfanyakazi. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuambiwa inachukuliwa kwa ajili gani, kuipata, na kutaka ya uongo au ya kupotosha irekebishwe. Kwa hivyo maneno ya kwanza ndani ya rekodi yawe haya: leo ni tarehe fulani, tuko wawili, tunarekodi ili tuandike makubaliano, nakala itakaa kwa fulani hadi siku fulani, je, umeridhia? Jibu nalo lisikike.

Tuseme wazi kwamba “ndiyo” ya mfanyakazi mbele ya bosi wake si huru kama “ndiyo” ya rafiki kwa rafiki. Ndiyo maana anayekataa asiulizwe kwa nini, wala kukataa kwake kusiandikwe popote. Kikao kifanyike kwa kalamu na daftari, na hatua nyingine zote za makala haya zitafaa vilevile.

Mfano wa geti la yadi

Tuchukue mfano ambao tumeutunga wenyewe, wala haumhusu mwajiri yeyote. Karani wa geti katika yadi ya makontena eneo la Changamwe anaishi Likoni. Kazi yake ni kusajili malori yanayoingia na kutoka na kuandika namba ya kila kontena, yaani herufi nne na tarakimu saba. Wiki moja yuko zamu ya asubuhi, wiki nyingine zamu ya usiku. Kikao chake na msimamizi kimechukua dakika 38. Hizi ni sehemu nne za rekodi.

Dakika ya 6. Msimamizi: “Mwezi huu umechelewa sana, dada. Watu wanalalamika.” Karani: “Sawa bosi, nimesikia.”

Dakika ya 9. Karani: “Wajua mimi nakaa Likoni. Feri ikikwama asubuhi sina pa kupita. Lakini nitajitahidi, inshallah.” Msimamizi: “Haya.”

Dakika ya 17. Msimamizi: “Na makosa ya namba za kontena yamezidi. Nataka yapungue.” Karani: “Mengi ni ya usiku. Taa ya geti la nje imekufa tangu mwezi uliopita. Ikitengenezwa, namba nitazisoma vizuri.” Msimamizi: “Hiyo taa itashughulikiwa.”

Dakika ya 26. Karani: “Na zile saa za ziada za Aprili, bosi? Mpaka leo sijaziona.” Msimamizi: “Tutaangalia.”

Ukisoma haraka utadhani kuna malengo mawili na ahadi mbili. Kwa hakika hakuna hata kimoja kilichokamilika, na tukiyaangalia maneno yenyewe tutaona sababu.

Maneno yanayodanganya masikio

Anza na “sawa”. Katika mazungumzo yetu neno hili lina kazi nyingi. Huweza kumaanisha nakubali, nimesikia, endelea, au basi yaishe. Katika dakika ya 6 karani mwenyewe ameeleza ni ipi: “Sawa bosi, nimesikia.” Amesikia. Hajakubali kwamba amechelewa sana, wala hajaahidi lolote. “Haya” ya msimamizi katika dakika ya 9 ni vivyo hivyo. Haionyeshi kama amekubali kwamba feri ni udhuru. Na “inshallah” ni neno la imani na la heshima, lakini haliwezi kuandikwa kama tarehe.

Anayeandaa karatasi akikutana na neno la namna hii asilitafsiri kwa upande wowote. Aandike swali. Kimya nacho kihesabiwe hivyo hivyo: mtu aliyenyamaza baada ya kulaumiwa hajakiri.

La pili ni herufi mbili tu, “tu-”. “Tutaangalia” ni nani na nani? Inaweza kuwa msimamizi, au ofisi ya mishahara, au ikawa hakuna mtu. Kauli ya kutendwa huficha zaidi. “Taa itashughulikiwa” haina mtendaji kabisa, ni kama taa itajishughulikia yenyewe. Kila kitenzi cha namna hii lazima kipate mwenyewe kabla hakijaingia kwenye karatasi. Asipopatikana, kiandikwe kwenye sehemu ya mambo yasiyo na majibu.

La tatu ni “-ki-”. “Ikitengenezwa, namba nitazisoma vizuri.” Hii ni ahadi yenye sharti, na sharti liko mkononi mwa mtu mwingine. Kosa tunalolihofia kuliko yote katika karatasi hizi ni kuiandika nusu ya pili peke yake: “Karani ameahidi kusoma namba vizuri.” Maneno hayo yamo kwenye rekodi, hakuna lililobuniwa, lakini maana imegeuzwa. Sharti na ahadi viandikwe pamoja katika sentensi moja.

Saa nazo ziangaliwe. Mtu akisema “saa mbili” pwani hii tunajua ni asubuhi au ni jioni, lakini fomu nyingi za ofisi huhesabu kwa saa za Kizungu. Andika zote mbili: saa 12 asubuhi, yaani 6:00. Na “wiki mbili” au “mwisho wa mwezi” vigeuzwe tarehe kamili.

Kusikiliza na kupanga

Hakuna haja ya kunakili dakika zote 38 neno kwa neno. Ni kazi ya saa nyingi, na kurasa zake hakuna atakayezisoma. Sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza usisimamishe. Unatafuta tu ni mambo mangapi yalizungumzwa. Mara ya pili simamisha kila jambo linapotajwa, andika dakika, nani alisema, na maneno yake yale yale. Ukurasa mmoja hutosha.

Kisha kila jambo liingie katika moja ya sehemu tatu. Ya kwanza ni yaliyokubaliwa: pande zote mbili zilitamka wazi, na inajulikana nani atafanya nini na lini. Ya pili ni malalamiko na wasiwasi: upande mmoja ulisema, hata kama mwingine hakubali. Ya tatu ni yaliyobaki bila jibu. Katika mfano wetu sehemu ya kwanza iko tupu kabisa, na msimamizi mwaminifu ataiacha tupu. Kishawishi ni kuijaza kwa kile alichotaka kusema. Anayetaka kuongeza jambo baada ya kikao anaweza, ila aliandike chini ya kichwa “Pendekezo, halikusemwa kwenye kikao”, ili mwenziwe ajue kwamba hilo analiona kwa mara ya kwanza.

Vitenzi vya kuripoti vichaguliwe kwa uangalifu. “Alikiri kuchelewa” humfanya mtu mkosaji. “Alidai taa imekufa” humfanya mwongo. “Alisema” halimpendelei yeyote, na ndilo litumike mwanzo hadi mwisho kwa pande zote mbili, hata likichosha kusoma.

Kuna mambo mengine ambayo hayapaswi kuingia kabisa. Tuseme katika dakika ya 21 karani aligusia ugonjwa wa mtoto wake. Sheria ya Ulinzi wa Data inahesabu hali ya afya na habari za familia, hata majina ya watoto, kuwa data nyeti. Jambo kama hilo aliyelisema ndiye aamue kama liandikwe, na kwa maneno yapi. Huenda akataka liandikwe kwa sababu linaeleza kuchelewa kwake. Huenda pia alilisema kwa kuaminiana tu, na hataki lifike kwenye faili.

Kutoka “yapungue” hadi lengo

Sasa turudi kwenye makosa ya namba. “Nataka yapungue” si lengo, kwa sababu hatujui yapungue kutoka ngapi. Msimamizi anafungua daftari la geti na kulilinganisha na la ndani ya yadi. Anakuta mwezi wa Mei namba 14 hazikulingana katika zamu za karani huyu. Kati ya hizo, 11 ziliandikwa usiku na 3 mchana. Takwimu hizi hazikutajwa kwenye kikao, kwa hivyo zinaingia kama nyongeza na karani anaonyeshwa daftari.

Daftari hilo limebadilisha mazungumzo. Limeonyesha kwamba alichosema karani kuhusu usiku kina uzito, na pia kwamba mchana kuna makosa machache ambayo hayahusu taa. Pendekezo la msimamizi sasa linaweza kugawanyika. Kwa zamu za mchana, kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba, makosa yasizidi 2 kwa mwezi. Kwa zamu za usiku, makosa yahesabiwe kando bila kuwa lengo mpaka taa itengenezwe. Mwezi unaofuata baada ya taa kuwaka, lengo la usiku liwe makosa yasiyozidi 4.

Na taa yenyewe? Hapa wasimamizi wengi huahidi wasichokuwa nacho. Msimamizi wa zamu hana fedha za kununua taa wala fundi wa umeme wa kumwamuru. Akiandika “taa itatengenezwa kufikia tarehe 5 Julai” na isitengenezwe, karatasi yote itapoteza uzito. Anachoweza kuahidi ni kilicho mikononi mwake: “Msimamizi atapeleka ombi la maandishi kwa meneja kabla ya tarehe 3 Julai na kumpa karani nakala.” Ni ahadi ndogo kuliko ile aliyoisema mdomoni, lakini inaweza kukaguliwa.

Kuchelewa kunafuata njia hiyo hiyo. “Sana” ibadilishwe kuwa hesabu ya daftari la mahudhurio: mathubutu ni siku 7 kati ya zamu 13 za asubuhi mwezi wa Mei. Karani anaweza kujibu kwamba kati ya hizo, siku 3 feri ilikwama. Feri ya Likoni hukwama kweli, na kila anayevuka analijua hilo. Lakini msimamizi naye ana lori zilizopanga foleni saa 12 asubuhi na hana mtu getini. Pendekezo la kati ni kwamba kuchelewa kusizidi mara 2 kwa mwezi, na siku ya feri karani apige simu kabla ya saa 11 na nusu, yaani 5:30, ili mtu wa usiku aambiwe asubiri. Siku aliyopiga simu iandikwe kando, isihesabiwe katika zile mbili.

Saa za ziada za Aprili ni jambo la namna nyingine. Wako wasimamizi wanaoliacha nje wakisema hilo si la tathmini, ni la mishahara. Tunaona wanakosea. Lilisemwa kwenye kikao, kwa hivyo linaandikwa, ila kwenye sehemu ya malalamiko: “Karani alisema hajalipwa saa za ziada za Aprili. Msimamizi alisema ‘tutaangalia’. Hakuna makubaliano.” Kinachotakiwa kufuata ni jina la mtu na tarehe ya kujibu. Haki ya malipo haimalizwi kwa karatasi ya tathmini, na karani hajaipoteza kwa kutia saini malengo mengine.

Karatasi yenyewe

Rasimu inayompelekea karani inaweza kusomeka hivi:

Yaliyokubaliwa kwenye kikao: hakuna lililotamkwa kikamilifu. Tazama mapendekezo.

Mapendekezo ya kuthibitishwa:
1. Namba za kontena, mchana (dakika ya 17): makosa yasizidi 2 kwa mwezi, Julai hadi Septemba. Kipimo ni daftari la geti na la yadi.
2. Namba za kontena, usiku: zihesabiwe kando mpaka taa ya geti la nje iwake. Baada ya hapo yasizidi 4 kwa mwezi.
3. Taa: msimamizi atapeleka ombi la maandishi kwa meneja kabla ya tarehe 3 Julai.
4. Kufika kazini (dakika ya 6 na ya 9): kuchelewa kusizidi mara 2 kwa mwezi. Siku ya feri, simu kabla ya saa 11:30 alfajiri (5:30).

Malalamiko: saa za ziada za Aprili (dakika ya 26). Swali kwa msimamizi: nani atajibu, na lini?

Mbele ya kila jambo pana nafasi ya pande zote mbili kuandika moja kati ya mambo matatu: “Ndivyo”, “Sivyo, nilisema hivi”, au “Sikumbuki, tusikilize”. Hilo la tatu ndilo huokoa ugomvi mwingi. Dakika imeshaandikwa, kwa hivyo kusikiliza sehemu moja huchukua nusu dakika, wala hakuna anayelazimika kumwita mwenziwe mwongo.

Rasimu imfikie mfanyakazi ndani ya siku 3, watu wakiwa bado wanakumbuka. Apewe siku nyingine 3 za kuisoma nyumbani. Kisha wakutane dakika kumi tu kwa yale yenye “sivyo”. Katika mfano wetu karani anakubali la kwanza, la pili na la tatu. Kwa la nne anaandika: “Sivyo. Saa 11:30 mimi niko ndani ya feri au nasubiri, sijui bado kama itakwama. Naweza saa 11:45.” Msimamizi anakubali, kwa sababu robo saa yatosha kumwambia mtu wa usiku asiondoke. Badiliko hilo dogo lisingejulikana kama karatasi ingeletwa tayari kwa saini tu.

Saini yenyewe ielezwe maana yake. “Nimesoma” na “nakubali” ni vitu viwili, na kila kimoja kiwe na mstari wake. Mfanyakazi asiyekubaliana na jambo anaweza kutia saini kwamba amesoma, na maelezo yake yakabaki hapo. Msimamizi naye atie saini, kwa sababu naye ana ahadi ndani.

Lugha nayo izingatiwe. Kikao kikifanywa kwa Kiswahili na fomu ya ofisi iwe ya Kiingereza, karatasi ya Kiswahili itangulie na ithibitishwe kwanza, kisha ihamishiwe kwenye fomu na kuambatanishwa nayo. Asiyesoma vizuri asomewe kwa sauti, na mtu anayemchagua yeye.

Namna ya kutambua karatasi mbovu

Hesabu vitenzi. Kama kila sentensi inaanza na “Karani ata…” na hakuna hata moja inayoanza na “Msimamizi ata…”, basi karatasi imechukua nusu ya kikao tu. Angalia pia kama lalamiko lolote limetajwa. Kikao cha dakika 38 kisicho na lalamiko hata moja hutokea mara chache. Angalia tarehe: karatasi iliyoletwa baada ya mwezi mzima na kuandikwa tarehe ya kikao isitiwe saini kabla tarehe haijarekebishwa. Na lengo ambalo huwezi kusema litapimwa kwa daftari gani, hata likiwa na maneno mazuri, hutaweza kulitetea Septemba.

Njia rahisi ya kupunguza kazi hii yote ni kutumia dakika tano za mwisho za kikao, kabla simu haijazimwa. Kila mmoja aseme kwa maneno yake anachoondoka nacho: mimi nitafanya hili, wewe utafanya lile. Mfanyakazi atangulie kusema. Bosi akianza, mdogo wake ataitikia tu “ndivyo hivyo”, na mtakuwa mmerudi kwenye “sawa”.

Karatasi hii yafaa nini baadaye

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utendakazi duni amweleze kwanza sababu, kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua. Ikifika mahakamani, mwajiri ndiye wa kuthibitisha sababu yake. Mwajiri aliyeweka malengo yanayopimika, akampa mtu muda na vifaa, atakuwa na cha kuonyesha. Mfanyakazi aliyetaja taa tangu Juni atakuwa nacho pia. Tathmini ya kila siku si kikao cha kifungu cha 41, na karatasi hii haichukui nafasi yake. Ofisi ikitaka kugeuza tathmini kuwa hatua ya nidhamu, ni lazima iseme hivyo na kuanza upya.

Nakala mbili zitiwe saini, moja ya kila upande. Mfanyakazi aihifadhi yake kwa miaka 3, kwa kuwa huo ndio muda ambao sheria inaruhusu kesi ya ajira kufunguliwa. Aliyefutwa kazi bila haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Rekodi ya sauti haina haja ya kukaa muda huo wote. Ushauri wetu ni ifutwe baada ya mapitio yanayofuata, hapa mwisho wa Septemba, kama hakuna jambo lenye ubishi, na tarehe ya kuifuta iandikwe kwenye karatasi. Anayenyimwa nakala ya rekodi yake, au anayesikia imesambazwa kwenye makundi ya simu, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaipa siku 90 kuchunguza na kumaliza lalamiko.